Barua kwa Mpwa Wangu Aliyeko Maskati

Mtae, Lushoto
12 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenisomea ujumbe wako. Unatua Dar es Salaam saa tisa alasiri na unataka kufika huku usiku huohuo. Haiwezekani, mwanangu, na hata ukimpata dereva wa kukubali, mimi sikubali. Mwezi wa nne ni masika, na mlima huu haupandwi usiku wa masika na mtu mwenye mtoto mgongoni.

Ukitoka uwanjani usiende mjini. Wewe bado unaijua stendi ya Ubungo, lakini mabasi ya mikoani yalishahamia Mbezi Luis tangu 2021. Mwambie dereva wa teksi apite Kinyerezi na Malamba Mawili atokee Mbezi, mtaepuka foleni ya Tazara. Ulale gesti ya jirani na stendi, na tiketi uikate jioni hiyohiyo dirishani. Wapiga debe watakushika mkono na begi, begi usiliachie.

Kata basi lililoandikwa Lushoto, la saa kumi na mbili asubuhi. Likiwa limejaa, panda la Moshi au Arusha ushuke Mombo. Huenda wakakutoza nauli ya mwisho wa safari. Lipa tu, usianze siku kwa ugomvi. La Tanga usipande hata wakikuambia ni njia moja. Ni moja mpaka Segera, pale wao wanakwenda kulia na sisi kushoto kuelekea Korogwe, nawe utabaki njia panda na masanduku yako.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana ndipo wageni wengi wanapopotea. Ukitazama ramani ya simu utaona Mtae iko karibu na barabara kuu, upande wa Mkomazi, mbele ya Mombo. Utajiambia, kwa nini nizunguke Lushoto wakati naweza kushuka Mkomazi nikakodi bodaboda? Ramani haikuonyeshi genge. Kijiji chetu kimekaa ukingoni, na tambarare unayoiona iko chini kabisa ya miguu yetu. Mwaka juzi alikuja kijana wa jirani akashuka huko, akakesha kwenye kibanda cha chai huku akiiona juu taa ya nyumbani kwao. Shuka Mombo.

Mombo utafika kati ya saa sita na saa saba mchana, jua kali. Kula kidogo tu, ndizi moja na maji, kwa sababu kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona tupu, na mtoto akishiba atatapika kabla ya Soni. Kaa viti vya mbele. Sweta zako na za mtoto ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe kwenye buti, kwani joto la Mombo utaliacha nyuma ghafla.

Kabla ya kupanda, tazama magari yanayoshuka. Malori ya kabichi na nyanya yakiwa yanateremka, njia ni nzima. Ukiona magari yamepanga foleni Mombo na madereva wamekaa kivulini wanazungumza, jua udongo umeporomoka mahali. Uliza. Wakisema katapila limekwisha kwenda, subiri. Wakisema halijatoka, tafuta chumba mapema kabla wengine hawajavijaza vyumba.

Lushoto si nyumbani bado. Magari ya huku hushuka alfajiri na kurudi mchana, kwa hiyo ukifika saa nane au saa tisa utayakuta yanapakia. Yanapita Magamba, Lukozi, Manolo na Sunga. Mvua isiponyesha ni kama saa tatu. Ikinyesha, utelezi wa udongo mwekundu huweza kuwashusha abiria wote wasukume, na hapo hakuna hesabu. Ndiyo maana nasema hivi: ikishapita saa tisa na nusu na bado uko Lushoto, lala. Giza linaingia saa kumi na mbili na nusu, na sehemu ya mwisho ya barabara ina bonde upande mmoja. Shangazi yako atanung'unika kwamba chakula kimepoa, niachie mimi.

Mtandao hukatika ukishaingia msitu wa Magamba, basi nipigie ukiwa Lushoto stendi. Niambie rangi ya gari na jina lililoandikwa kioo cha mbele. Gari linaishia Mtae kwenyewe, kwa hiyo usimwambie konda akushushe popote. Nitakuwepo na vijana wawili wa kubeba mizigo, maana kutoka kituoni kuja kwetu ni njia ya miguu na inateremka. Vaa viatu vya kukanyaga tope, vile vya visigino viache sandukuni.

Na mama yako anasema umletee halua ya Maskati. Ifunge vizuri.

Mjomba wako