Tatu kwa Moja

Chukua timu mbili za mpira wa kikapu, moja ikiwa bora kidogo kuliko nyingine. Zikikutana mara kumi, hiyo bora hushinda mara sita. Sasa zipangie msururu wa mechi saba, kama fainali za NBA, ambapo kombe ni la anayetangulia kushinda nne. Uwezekano wa timu bora kubeba kombe ni upi? Wengi hujibu sita kwa kumi, basi. Jibu ni karibu 71 kwa mia.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya nyuma ya daftari. Kushinda 4-0 ni kuzidisha 0.6 kwa yenyewe mara nne, unapata karibu 13 kwa mia. Kushinda 4-1 ni ushindi mara nne na kupoteza mara moja. Hapa ndipo watu huteleza: ile moja inaweza kupotea katika mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, lakini si ya tano, kwa sababu mshindi wa msururu ndiye hushinda mechi ya mwisho. Kwa hivyo njia ni nne, si tano. Kwa mtindo huohuo, 4-2 ina njia 10, na 4-3 ina njia 20. Zinakuja karibu 21, tena 21, kisha chini kidogo ya 17. Jumlisha zote bila kukata desimali: 71.

Maana yake, mechi saba humsaidia aliye bora, lakini haziondoi bahati. Timu hafifu bado itabeba kombe mara 29 katika mia, na hakuna muujiza hapo.

Niliyafikiria haya sana Juni 2016. Golden State Warriors walikuwa wameshinda mechi 73 kati ya 82 za msimu, na katika fainali walikuwa mbele ya Cleveland Cavaliers 3-1. Hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma hivyo katika fainali ikabeba kombe. Mechi ya nne iliisha kwetu Jumamosi asubuhi, na binamu yangu akaja na macho mekundu ya kukesha. Alikuwa na shilingi 20,000, malipo ya kwanza ya pikipiki ya boda. Jamaa mmoja wa kijiweni amemwambia: weka yako ishirini, mimi naweka mbili. Warriors wakibeba, unachukua zangu.

"Hiyo ni pesa ya bure, bro. Imeisha hii."

Nilimwambia tuhesabu kwanza. Cavaliers wanahitaji tatu mfululizo. Kama Warriors ni watu wa sita kwa kumi, hiyo ni 0.4 mara 0.4 mara 0.4, yaani kama 6 kwa mia. Lakini kama timu zinalingana, ni nusu ya nusu ya nusu: 12 na nusu kwa mia. Sasa angalia dau. Kuhatarisha ishirini ili upate mbili kunalipa tu ikiwa utapoteza chini ya mara moja katika kumi na moja, yaani kama 9 kwa mia. Ukichukua sita kwa kumi, unapata faida kiduchu. Ukichukua tano, unaliwa.

"Kwa hivyo ni sita ama ni tano?" akauliza.

Hilo ndilo swali lenyewe, na kanuni hailijibu. Kanuni hudhani kila mechi ni ileile, kama kurusha sarafu moja. Fainali haziko hivyo. Mechi ya tano na ya saba zilikuwa nyumbani kwa Warriors, ya sita kwa Cavaliers. Kisha Draymond Green akafungiwa mechi ya tano, na katika mechi hiyohiyo Andrew Bogut akaumia. Sarafu ilibadilika mkononi.

Binamu alibaki na pesa yake. Cavaliers wakashinda ya tano, ya sita, na Jumatatu alfajiri wakamaliza ya saba 93-89. Alinipigia simu akipiga kelele: "Ulijua!"

Sikujua. Daftari langu lilisema Warriors wangebeba karibu mara tisa katika kumi, na hata baada ya kipenga cha mwisho sikuona sababu ya kulifuta. Mara moja katika kumi na moja si jambo ambalo halitokei. Ni jambo ambalo, likitokea, mtu fulani anakosa pikipiki.