Kila Maandishi Yana Tarehe Yake

Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa muda mrefu, na swali ambalo wanafunzi huniuliza kuliko yote linahusu herufi. Mwanafunzi anaona "name" ubaoni, analisoma kama neno la Kiswahili, silabi mbili, na wenzake wanaangua kicheko kwa sababu wamezoea kusikia "neim". Ndipo anapouliza: kama Waingereza husema "ei", mbona wanaandika "a"? Walimu wengi humjibu kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, akariri tu. Jibu hilo hunisikitisha, kwa sababu jibu la kweli lipo. Mwanafunzi huyo amelisoma neno lile karibu sawasawa na Mwingereza wa mwaka 1380.

Mshairi Geoffrey Chaucer, mtu wa London aliyefariki mwaka 1400, alitamka "naame", kwa irabu ndefu kama ya "taa" na kwa "e" ya mwisho inayosikika. Neno "time" lilikuwa "tiime", lenye irabu kama ya "bidii". "Feet" ilikuwa na irabu kama ya "mzee". Neno la mwezi, "moon", lilikuwa na irabu kama ya "choo", na neno la nyumba, "house", lilitamkwa "huus", kwa irabu kama ya "juu". Kwa jumla, herufi za irabu za Kiingereza zilikuwa na thamani ileile ziliyonayo leo katika Kiswahili au Kiitaliano. Herufi zilifuata matamshi kwa karibu, na zilikuwa mahali pake kwa sababu inayoeleweka.

Kisha, kati ya miaka ya 1400 na 1700, irabu ndefu zote zilihama. Zifikirie kama watu waliosimama kwenye ngazi. Upande wa mbele wa kinywa, aliye chini ni "aa", juu yake "ee", na kileleni "ii". Upande wa nyuma "oo" yuko katikati na "uu" yuko kileleni. Ulimi ulianza kuinuka kidogo kila irabu ndefu ilipotamkwa, na kila mmoja akapanda. "Aa" ya "naame" ikasogea kuelekea "ee", na hatimaye ikafika "ei". "Ee" ya "feet" ikawa "ii", hivyo leo tunasikia "fiit". "Oo" ya "moon" ikawa "uu". Waliokuwa kileleni hawakuwa na pa kupanda, kwa hiyo irabu zao zikapasuka na kuwa sauti mbili: "tiime" ikapitia "teim" hadi "taim", na "huus" ikapitia "hous" hadi "haus". Ile "e" ya mwisho ilikwisha kunyamaza mapema, ikabaki kwenye karatasi tu. Irabu fupi hazikuguswa na mwendo huu. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye aliyeyapa mageuzi haya jina lake mwaka 1909, yaani Mhamo Mkuu wa Irabu.

Jambo linalonigusa zaidi ni namna irabu zile zilivyosukumana. Karl Luick, mtaalamu wa Austria, aliona ushahidi wake kaskazini ya Uingereza na Uskoti. Huko "oo" haikupanda. Kabla ya mhamo ilikuwa imesogea mbele ya kinywa na kuacha nafasi yake wazi. Na huko huko, "uu" haikupasuka. Mpaka leo Mskoti anayezungumza lahaja yake huita nyumba "huus" na panya "muus", kama Chaucer. Kusini, "oo" ilipanda na kumsukuma jirani yake. Kaskazini hapakuwa na wa kumsukuma "uu", naye akabaki alipo. Kwa hiyo irabu iliyohama kusini haikuhama kwa uamuzi wake. Ilihama ili isichanganyike na iliyokuwa inaikaribia, na maneno yakaendelea kutofautiana ingawa kila moja lilikuwa safarini. Nikiwatazama watu wanaobadilika, sasa huwa nauliza kwanza ni nani aliyesogea karibu nao.

Tofauti nyingine hazikunusurika. Kiingereza cha zamani kilikuwa na "ee" mbili ndefu, moja ya kubana na moja ya wazi. Makarani na wapiga chapa wakaja kuzitenga kwa herufi: ya kubana ikaandikwa "ee", kama katika "meet", yaani kukutana, ya wazi ikaandikwa "ea", kama katika "meat", yaani nyama. Wakati utaratibu huo unaenea katika karne ya 16, masikio yalisikia tofauti hiyo waziwazi. Baadaye "ea" nayo ilipanda hadi ikakutana na mwenzake, na leo maneno yote mawili ni "miit". Machache hayakufika: "great", "break" na "steak" yalisimama njiani, yakabaki na "ei". Mwanafunzi huona fujo hapa. Kumbe anaangalia msafara mmoja uliosimamishwa kwenye karatasi, na wasafiri watatu waliobaki nyuma.

Waliosimamisha msafara huo hawakujua kwamba unatembea. Mwanzoni mwa karne ya 15, makarani wa serikali mjini London walianza kuandika nyaraka kwa Kiingereza badala ya Kifaransa na Kilatini, na tahajia yao ikaheshimiwa. Mwaka 1476 William Caxton alileta mtambo wa kwanza wa kupiga chapa Uingereza, akaufunga Westminster. Yeye hakuigandisha tahajia peke yake, kwa kuwa vitabu vya zama zake vinaandika neno moja kwa namna kadhaa. Lakini mazoea yaliyokuwa yameenea kabla sauti hazijahama yalimwagwa katika maelfu ya kurasa, wasomaji wakayazoea kwa macho, na kufikia katikati ya karne ya 17 mengi yalikuwa yametulia. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ikayatia muhuri. Hakuna kizazi kilichosikia mhamo wote. Kila mtoto alitofautiana na mama yake kwa kiasi kidogo mno, na nyumbani walielewana vizuri.

Alikuwepo mtu mmoja aliyesikia pengo kati ya herufi na sauti. John Hart alichapisha mwaka 1569 kitabu cha kudai kwamba maandishi yafuate sauti, herufi moja kwa sauti moja, akatunga na herufi mpya za kazi hiyo. Alikuwa na sikio la ajabu, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu matamshi ya wakati ule tumeyapata kwake. Anatuonyesha mhamo ukiwa katikati: "time" kwake tayari ni "teim", "meet" tayari ina "ii", lakini "name" bado ina "aa".

Hebu tuseme Hart alishinda. Uingereza yote ingeandika kama alivyosikia yeye mwaka 1569, kwa usahihi kamili. Irabu hazingesimama kwa ajili yake. "Teim" ingeendelea kuwa "taim", na "naam" ingepanda hadi "neim", na leo watoto wangeuliza swali lilelile kuhusu herufi za Hart. Richard Mulcaster, mwalimu mkuu wa shule moja ya London, aliandika mwaka 1582 kwamba sauti pekee haifai kutawala maandishi; lazima ishirikiane na mantiki na mazoea. Zamani nilimwona Mulcaster kuwa mtu wa kung'ang'ania ya kale. Leo namwona kama mwalimu aliyeelewa kwamba usahihi wa herufi hupatikana siku moja, kisha siku hiyo hupita.

Na herufi zilizopitwa bado zina kazi. "Child" hutamkwa "chaild", lakini "children" ina "i" fupi, kwa sababu katika neno hilo irabu ilibaki fupi, na irabu fupi hazikuhama. Masikio yanasikia maneno mawili yaliyoachana. Macho yanaona mtoto na watoto, familia moja. Tahajia imehifadhi undugu ambao matamshi yameuficha. Tangu nilipolielewa hili, sitaki tena kuita kitu chochote cha wazee upuuzi kabla sijajua kilikuwa sahihi lini, na kwa ajili ya nani.

Kiswahili kilikutana na Kiingereza baada ya mhamo kwisha, nasi tuliandika tulichosikia. Keki tunaiandika kwa "e" ilhali Mwingereza anaandika "cake" kwa "a". Laini ya simu tumeipa "ai", naye anaandika "line". Buti tumeipa "u", naye anaandika "boot". Maneno hayo matatu yanabeba hatua tatu za mhamo: "a" iliyopanda, "i" iliyopasuka, "o" iliyokwenda juu. Na mashine tumeiandika kwa "i" kama wao, kwa kuwa neno hilo lilitoka Ufaransa na lilibaki na sauti ya Kifaransa.

Ndiyo maana siungani na wanaojisifu kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kana kwamba sisi tulikuwa na busara kuliko Waingereza. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Tahajia yetu ya Kirumi ilianza kujengwa karne ya 19, na usanifishaji wake kwa msingi wa Kiunguja ulifanywa kuanzia mwaka 1930. Maandishi yetu yako karibu na sauti kwa sababu ni machanga. Na hata hivyo pengo limekwisha kuonekana. Mtoto wa Mombasa anayesema "ndia" nyumbani anaandika "njia" shuleni. Bara, wengi husema "zahabu" na "selasini", na wote wanatakiwa waandike "dhahabu" na "thelathini".

Sipendekezi tubadilishe herufi hizo. Yale ambayo yangeupata mpango wa Hart yananitosha. Ninachodai ni namna ya kusahihisha. Mtoto wa Tabora anapoandika "zahabu", amesikia vizuri na ameandika kwa uaminifu alichosikia. Kosa lake ni kutojua kwamba maandishi yetu yalipangwa kwa sauti ya watu wa Unguja, wanaotenganisha "dh" na "z" kinywani. Mwalimu amweleze hivyo, waziwazi, kabla ya kumtaka aandike "dh". Na yule wa "name" aambiwe kwamba hakusoma ovyo. Alisoma herufi zilivyokusudiwa, ila sauti zimehama tangu siku zilipoandikwa. Mwanafunzi aliyepewa sababu hukumbuka tahajia, na pia hujifunza kutomcheka mwenzake anayesoma tofauti.