Barua kwa bosi tunayekula naye

Kabla hatujafungua duka letu la nguo za maharusi, tulikuwa tukishona mashuka na sare katika hoteli moja. Nafasi ya usimamizi ilipotoka, aliyetusaili ni dada tuliyekuwa tukila naye kila mchana. Sasa umwandikieje mtu kama huyo?

Jioni ile vidole vilituwasha kumpigia. Tukajizuia, tukaandika asubuhi kwa barua pepe ya kazini, si wasapu yetu ya mapishi. Tulimwita 'Bi', tukamshukuru, kisha tukarekebisha jibu moja tulilolikoroga. Alituuliza tungepunguzaje upotevu wa vitambaa, nasi tukababaika. Tukaeleza kuwa shuka lililochanika katikati tungelikata foronya, na kila kipande kiandikwe daftarini. Mwisho tukauliza majibu yatatoka lini. Urafiki hatukuutaja, wala shida za nyumbani, maana barua ile angeweza kuwaonyesha wakubwa wake, aonekane anapendelea.

Mchana tulikula naye kama kawaida, hatukumuuliza neno. Wiki ya pili nafasi akapewa mwenzetu. Daftari la foronya lakini lilianza mwezi uleule, tukakabidhiwa sisi.