Hamu ya Juzi na Swali la "Kwa Nini Umechagua Kozi Hii?"

Dada zangu, leo tuzungumze jambo linalowatia jasho wengi wetu, hasa tunaorudi darasani baada ya ndoa na watoto. Umeletewa fomu ya ufadhili, unaijaza vizuri mpaka unafika kwenye mstari unaouliza: "Kwa nini umechagua kozi hii?" Na ukweli ni kwamba kozi yenyewe umeijua miezi minane tu iliyopita.

Kazi yangu iko Posta, na jamaa huniletea fomu hizi nizisome kabla hazijapelekwa. Jibu ninalokutana nalo zaidi ni "tangu utotoni nilikuwa na ndoto." Ubaya wake ni kwamba halimwambii msomaji kitu cha kushika, na siku ya usaili hukatika kwenye swali la pili: "Utotoni ulifanya nini kuhusu hilo?" Anayeuliza hapimi umri wa hamu yako. Anataka kujua kama kozi unaifahamu kweli, na kama utaimaliza. Hamu mpya inaweza kujibu yote mawili, mradi iwe na nyayo.

Niwaeleze ya wifi yangu, kwa ruhusa yake. Yeye ni fundi wa magauni ya maharusi, ana chumba chake cha kushonea Kariakoo. Aliomba astashahada ya mizani na vipimo katika Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kile kilichopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwendo wa miguu kutoka kwenye cherehani yake. Chuo kiliangalia matokeo yake ya kidato cha nne. Swali la "kwa nini" lilitoka kwa mfadhili, aliyetaka maneno mia mbili na baadaye usaili.

Akaja na karatasi yake. "Wifi, nimeandika kwamba tangu mdogo nikipenda vipimo."

"Mdogo uliyapendea wapi?"

Akacheka. Basi nikamwomba anisimulie ilivyokuwa hasa.

Bibi harusi mmoja alihitaji mita 10 za satini, gauni pamoja na mtandio. Kitambaa kikaletwa, wifi akakitandika mezani akaona hakitoshi. Alipokipima akapata mita 9 na sentimita 14. Mwenye duka hakuiba. Alipima kwa yadi, na mnunuzi alidhani ni mita. Yadi moja ni sentimita 91.44, kwa hiyo ukichukua yadi 10 ukadhani ni mita 10 umepungukiwa karibu sentimita 86. Hiyo ni mikono yote miwili ya gauni.

Hilo ndilo lililomwamsha, lakini tukio peke yake si jibu. Kila mtu hupatwa na matukio. Jibu limo katika alichofanya baada ya hapo, na hapo ndipo nilipomwambia aweke uzito.

Kwanza alikusanya futikamba zote za chumbani akazilaza moja moja kando ya rula ya chuma. Ya zamani kuliko zote ilikuwa imevutika: alama yake ya sentimita 150 ilifika 151 na nusu kwenye chuma. Akaandika kwenye daftari, akaitupa. Kisha akamuuliza muuza mchele jirani kuhusu stika iliyobandikwa kwenye mzani wake, akaambiwa ni ya Wakala wa Vipimo, wanaokagua mizani ya wafanyabiashara kila mwaka. Ndipo likamjia swali lililomkosesha usingizi: futikamba nimeipima kwa rula, na rula nayo nani kaipima?

Swali hilo, dada zangu, ndilo kozi yenyewe. Kipimo cha dukani hulinganishwa na kipimo cha mkaguzi, cha mkaguzi hulinganishwa na vipimo vya taifa vinavyotunzwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na hivyo navyo hufungamanishwa na vya kimataifa. Mnyororo huo unaishia kwenye mwanga: tangu 1983 mita ni umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya 299,792,458 za sekunde. Wifi hakulijua hilo la mwisho mpaka alipotafuta. Alichojua ni kwamba kuna mnyororo, na kwamba kwa daftari lake peke yake hawezi kuufuata.

Tukaandika upya. Mwanzo wa jibu lake ulikuwa hivi:

"Mwezi Machi mwaka huu nilipokea kitambaa kilichopimwa kwa yadi badala ya mita. Tangu hapo nimelinganisha futikamba zangu 7 na rula ya chuma, na 2 nimezikuta na kasoro. Naweza kuona kosa, lakini sijui kulipima kwa uhakika wala kujua rula yangu inakosea kiasi gani. Kozi hii inafundisha hilo. Nimepima nguo kwa miaka 6. Hamu yangu ni mpya, lakini mkono wangu si mgeni."

Tazameni mpangilio wake. Tukio ni sentensi moja tu, na lina mwezi wake. Vitendo vinafuata vikiwa na idadi. Kisha linakuja asilolijua, ambalo kozi ndiyo inayolifundisha, na mwisho ni daraja kutoka kazi ya zamani. Wengi hukosea kwa kuacha hadithi ya tukio imeze nusu ya nafasi, au kwa kuandika "kozi ina ajira." Ajira ni sababu halali, lakini haielezi kwa nini kozi hii na si nyingine yenye ajira.

Kwenye usaili walimuuliza nililolitarajia: "Miezi minane tu. Mwakani hutataka kitu kingine?" Hakujitetea. Aliwaambia sehemu itakayomchosha ni fizikia, na kwamba tangu Juni amerudia hesabu za kidato cha nne jioni tatu kwa wiki, akawaonesha daftari. Anayejua ugumu wa kozi kabla ya kuianza ameshaichungulia ndani. Walimkubalia ada ya mwaka wa kwanza.

Wanaoomba vyuo vya Uingereza kupitia UCAS watakuta jambo lilelile. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026, ile barua ndefu ya zamani imegawanywa katika maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini kujiandaa. Jumla ni herufi 4,000, na kila jibu lisipungue 350. Hakuna panapouliza tangu lini. Ya wifi yangu yangegawanyika bila shida: swali la rula kwenye la kwanza, hesabu za kidato cha nne kwenye la pili, futikamba na miaka ya ufundi kwenye la tatu.

Ila njia hii ina mpaka wake. Kama hamu yako ni ya wiki iliyopita na hujafanya lolote, hakuna maneno yatakayoziba pengo hilo. Iweke fomu kando kama muda wa mwisho unaruhusu. Fanya jambo moja dogo la kozi hiyo kwa mikono yako, uandike ulichokiona na ulipokwama. Pale ulipokwama ndipo jibu lako litakapoanzia. Na kama hukukwama popote wala hukujiuliza lolote, basi huenda kozi hiyo si yako, na ni heri kulijua hilo kabla ya ada kulipwa.

Wabillahi tawfiq.