Sikio Kwanza, Miguu Baadaye

Kamba za kwanza tulizopewa hapa Nyarugusu zilikuwa za plastiki, nyepesi kama uzi. Zilifika na mipini mizuri ya rangi, watoto wakashangilia. Lakini upepo wa kiangazi ulizipeperusha, na zikigusa ardhi hazikutoa sauti yoyote. Ndani ya wiki moja nusu ya watoto wangu walisema kuruka kamba ni kugumu, wakarudi kwenye mpira wa makaratasi.

Tukatengeneza zetu. Nilinunua kamba ya manila sokoni, nikakata mpira wa maji uliopasuka vipande vya sentimita 3 hivi, nikavivalisha kwenye kamba kama shanga. Uzito ukapatikana, na sauti pia: kila kamba ikipiga chini, pa! Mtoto wa miaka 6 hawezi kuangalia mikono, miguu na kamba kwa pamoja. Ila anaweza kusikia pa.

Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna anayeruka juu ya kamba. Mtoto anashika ncha zote mbili kwa mkono mmoja, anazungusha kamba pembeni ya mwili, na wenzake wanapiga makofi kila inapogusa chini. Makofi yakiwa sawa, anaanza kuruka kidogo papo hapo, kamba ikiwa bado pembeni. Anabadilisha mkono. Wengine wanamaliza hatua hiyo siku moja, wengine wiki mbili. Sina haraka nayo, maana anayeirukia kesho yake nitamrudisha tu.

Kipimo cha kamba ni rahisi: mtoto akanyage katikati kwa mguu mmoja, ncha zifike kwapani. Ikizidi hapo inamchelewesha na kumfunga miguu.

Kulikuwa na mvulana mmoja aliyekwama kila mara kwenye mruko wa tatu. Wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu kamba inamnasa vidole. Nilimwambia aruke juu zaidi, akaruka kama anavuka mtaro, akanaswa vilevile. (Hilo lilikuwa kosa langu, ukiruka sana unachelewa kushuka, na kamba haikusubiri. Inatosha nyayo ziachane na ardhi kidogo tu, kiasi cha unene wa vidole viwili.) Siku nyingine niliacha kumwangalia miguu, nikamwangalia mikono. Kila mzunguko mikono yake ilikuwa inafunguka, inaenda mbali na mwili. Mikono ikitanuka, kamba inakuwa fupi. Mpaka mruko wa tatu ilikuwa imeshakuwa fupi mno kwake.

Nikachana kitenge kikuukuu, nikambana kipande kimoja kila kwapa. “Kikianguka, tunaanza upya.” Kilianguka mara nyingi, tukacheka. Halafu akaanza kuzungusha kwa vifundo vya mikono badala ya mabega, na jioni hiyo alifika 11. Alihesabu mwenyewe kwa sauti, Kiswahili hadi saba, kisha akaendelea kwa Kibembe.

Sasa kuhusu pumzi, na hapa nina jambo la kukiri. Watoto walipozoea, mimi nikaingiwa na tamaa ya mashindano: nani ataruka muda mrefu bila kusimama? Ilikuwa siku za mwisho wa mwezi, mgawo umeisha katika nyumba nyingi. Msichana wa miaka 8 alikuwa anaongoza. Ghafla akaachia kamba, akaniambia, “Mwalimu, naona giza.” Nikamkalisha kivulini, nikamwinamisha kichwa. Alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Sikuwa nimeuliza.

Siku hizi nauliza kabla ya kugawa kamba. Asiyekula anazungusha kamba ndefu au anapiga makofi, na simtangazi mbele za wenzake. Nampa kazi tu, kama wengine wanavyopewa. Wengine wanaruka sekunde 30, wanapumzika 30, raundi tano au sita, polepole, wakiimba. Wimbo ndio kipimo changu. Mtoto anayeweza kuimba anaruka, moyo wake unakwenda vizuri. Akianza kukata maneno katikati, tunapunguza mwendo. Akinyamaza kabisa, tunasimama, hata kama yeye hataki. Kutua kwa visigino pia ni dalili: ukisikia kishindo cha miguu kinazidi pa ya kamba, amechoka.

Kamba ndefu, ya mita 5, inasaidia sana hapo, kwa sababu zamu yenyewe ni mapumziko. Tunaiweka upande wa kanisa ambako udongo ni laini, baada ya kuokota mawe, maana wengi hawana viatu.

Yule msichana alirudi baada ya siku tatu. Nilimuuliza kama amekula. Akasema ndiyo, uji. Halafu na yeye akaniuliza, “Na wewe, mwalimu?”