Padri wa Mkunya alivyoyakata mahubiri yake mwenyewe vipande

Kuna padri mmoja kijana kule Mkunya, Newala, aliyewahi kuhubiri kanisa likalia. Mada ilikuwa jando la Kikristo, lile lililoanzishwa na Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926. Mwaka huu akataka kuyageuza mahubiri yale yawe makala ya jarida la chuo. Mhariri akayarudisha na neno moja tu pembeni: "Ushahidi?"

Basi jamaa akakaa na kalamu tatu. Kijani ya imani, bluu ya hoja, nyekundu ya ushahidi. Sentensi yake tamu kuliko zote ilikuwa "Mungu alimtuma Lucas aliokoe jando letu." Ikamtoa jasho!

"Mungu alimtuma" ni kijani. Si uongo, ila hakuna hati ya kulithibitisha wala kulikanusha, kwa hiyo haliwezi kubeba hoja. Linaweza kubaki kwa sura nyingine: wazee aliowahoji wanaamini hivyo, na imani hiyo nayo ni jambo la kuchunguzwa.

"Aliokoe" ndilo lililomponza. Kumbe hiyo ni hoja iliyojificha, inadai kwamba jando lilikuwa linakufa. Lakini jando la nje ya kanisa liliendelea, na Waislamu walikuwa na lao. Lililokuwa hatarini ni Mkristo kubaki Mkristo huku akipeleka mtoto porini. Hapo hoja ikabadilika kabisa, maana sasa kanisa ndilo lililokuwa likijiokoa.

Nyekundu ilikuwa chache mno. Lucas mwenyewe aliandika kuhusu jambo hili katika kitabu cha 1928, lakini maandishi hayo yanaonyesha alichokusudia askofu, siyo walichokipata vijana kambini. Kwa hilo anahitajika mzee aliyepita humo, na aulizwe aliona nini, alifundishwa na nani. Ukimuuliza "lilikuwa zuri?" atakupa kijani tena. Halafu yupo mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kuhusu Masasi mwaka 1972. Mahubiri hayakumtaja, sawa, ila makala isiyomjibu itarudi tu.

Aya za Biblia nazo zikahama. Kanisani zilikuwa uthibitisho, kwenye makala zinaeleza tu askofu alijitetea kwa andiko gani.

Mzee mmoja wa kanisa aliposomewa rasimu alinuna.

"Padri, Mungu umemtoa?"

"Hapana Mzee, nimeacha kumfanya shahidi wangu."

Mzee hakuridhika, na ana haki yake, kwa sababu kurasa kumi na mbili zilikuwa zimebaki tano. Ila alipoondoka alitaja jina la kaka yake mkubwa, aliyeingia jando lile na bado yu hai. Padri akachukua ile kalamu nyekundu, akaomba aelekezwe njia ya kwake.