Masharti Aliyoniletea Mama wa Liboi

Mama zangu na dada zangu, kwanza nikiri kosa langu. Nilipokuwa Liboi kwa mwezi mmoja nikisomesha, mama mmoja wa Kisomali, mjane mwenye kiduka cha sukari na majani ya chai karibu na msikiti, aliniuliza baada ya darsa: “Maalim, mtu akiniuzia bidhaa zake kisha akanipa kamisheni, je, ni halali?” Nilimjibu pale pale, nikiwa navaa viatu, kwamba ujira wa dalali unajulikana katika fiqhi wala hauna ubaya. Akashukuru, akaenda zake. Sikumwuliza ni bidhaa gani wala masharti yake ni yapi.

Siku ya tatu akarudi na simu. Alikuwa amepokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa binti anayeishi Nairobi, unaowaita wanawake wawe mawakala wa krimu za uso. Ujumbe wenyewe ulikuwa mtamu: ngozi kung'aa kwa siku saba, kazi ya kufanyia nyumbani bila ya kumwacha mtoto, faida ya robo nzima ya bei, na nafasi zilizobaki ni chache. Chini yake palikuwa na kurasa tatu za masharti kwa herufi ndogo. Mama huyu husoma Kisomali na Qur'ani. Kiswahili anakisema vizuri lakini kukisoma kwamchosha. Alikuwa amekwisha kutuma ada ya kujiunga, shilingi 1,500, kwa sababu mimi nilisema ni halali. Fedha nyingine, za mbuzi wawili aliowauza, zilikuwa zingali kwenye simu.

Tukaketi barazani, mwanawe wa kiume akiwa pamoja nasi, nikayasoma masharti moja moja.

La kwanza, ada hairudi. La pili, wakala huanza kwa kununua kasha la krimu 20 kwa shilingi 600 kila kopo, yaani 12,000, na kuliuza kila moja kwa 800. Nauli ya mzigo ni juu ya wakala. Kutoka Nairobi mpaka Garissa, kisha kupitia Dadaab hadi Liboi, mzigo ule ungemgharimu shilingi 600, na hiyo ni iwapo gari limepita siku hiyo. Nikachukua kijiti nikaandika mchangani: 12,000 na 1,500 na 600, jumla 14,100. Akiuza makopo 17 bado anadai nafsi yake. Ni kopo la 18 ndilo linalomtoa katika hasara, na kwa kasha zima hubakiwa na shilingi 1,900.

Akasema, “Hiyo si mbaya, Maalim.” Kweli, si mbaya, kama mambo yangeishia hapo. Lakini sharti la tano lilisema kwamba wakala abaki “hai” kwa kununua makopo yasiyopungua 10 kila mwezi, awe ameyauza ya zamani au hakuyauza. Akikosa miezi miwili mfululizo, hupoteza bei ya wakala na hulipa ada upya. Tukapiga hesabu ya mwezi wa kawaida: makopo 10 kwa 6,000, nauli 600, na gharama za simu na kutuma fedha tukazikadiria 200, jumla 6,800. Akiuza yote kwa fedha taslimu hupata 8,000, naye hubakiwa na 1,200. Akiuza manane, hupata 6,400, amekula hasara ya 400 na makopo mawili yamo kabatini.

Sasa, Liboi ni mji mdogo wa mpakani, ng'ambo yake ni Dhobley. Wanawake wake hununua kwa mkopo, nao hulipa mifugo inapouzwa. Daftari la mama huyu la sukari limejaa majina. Nani atakayenunua makopo 10 ya krimu kila mwezi kwa fedha mkononi, katika mji ambao kila nyumba ina unga wa qasil, majani ya mkunazi yaliyosagwa, ambayo bibi zao walijipaka usoni bila ya kumlipa yeyote ada? (Nasi wa pwani tuna liwa letu, tusijicheke.)

Sharti la saba ndilo lililonitoa jasho. Kwa kila mwanamke atakayemwingiza, wakala hupewa 500 kutoka katika ada yake, na asilimia 5 ya kila anachonunua huyo mpya. Kasha la kwanza la 12,000 humpa 600. Basi mtu mmoja aliyeingizwa ni shilingi 1,100, na kopo moja lililouzwa ni 200. Ili kupata kiasi hicho kwa kuuza, auze makopo matano na nusu. Mwenye akili atafanya lipi? Ataacha kutafuta mwenye kutaka krimu, atafute mwenye kutaka kuwa wakala. Tena asilimia hiyo huhesabiwa kwa alichonunua wakala mpya, si kwa alichouza. Krimu ikifia kabatini, aliye juu amekwisha lipwa. Na kila anayeingizwa hapo Liboi ni mteja mmoja aliyepungua na mshindani mmoja aliyeongezeka.

Hapo ndipo jibu langu la viatuni lilipoanguka. Dalali hulipwa kwa sababu bidhaa imemfikia anayeihitaji. Huyu hulipwa kwa sababu mwenzake ametoa ada akitumai kuwatoza wengine. Kamati ya kudumu ya fatwa ya Saudia ililitazama jambo la namna hii mwaka 2004 na kulikataza, kwa kuwa kusudio la anayejiunga ni kamisheni, na bidhaa ni pazia tu. Nilikuwa naijua fatwa hiyo, lakini sikuikumbuka kwa kuwa sikuuliza.

Likabaki la krimu yenyewe. Sharti la mwisho lilisema malalamiko yote ya mteja kuhusu ngozi yake ni juu ya wakala. Picha ya kopo haikuonyesha viungo, ila onyo moja: krimu isigusane na vito vya dhahabu na fedha. Onyo hilo ni dalili inayojulikana ya krimu yenye zebaki, ambayo hudhuru figo na humfikia mtoto anayekumbatiwa na mama aliyejipaka. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwaka 1998. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka, kinyume cha weupe alioahidiwa mtu.

Nikamwambia mwanawe amwandikie binti wa Nairobi aombe orodha ya viungo na nambari ya kibali cha alama ya ubora. Krimu ilisemwa imetengenezwa Nairobi, na nambari ya bidhaa ya nchini hutumwa kwa ujumbe mfupi, SM# kisha nambari, kwenda 20023, na Shirika la Viwango hujibu ni ya nani na kama ingali hai. Akaongeza swali lake mwenyewe: je, anaweza kununua makopo matano tu kwa bei ya jumla, bila ya kuandikisha mtu?

Jibu lilikuja baada ya Alasiri. La nambari halikujibiwa. La makopo matano likajibiwa kwamba hawamwuzii asiyetimiza kasha, na kwamba nafasi zinakwisha usiku huo.

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia lile ambalo hakuwa amelisema: ujumbe ule alikwisha mpelekea wifi yake aliyeko Hagadera, naye asubuhi ile alikuwa amelipa 1,500 na anatafuta mtu wa kumkopesha 12,000. Akaichukua simu kutoka kwa mwanawe, akasogea pembeni mwa baraza ambako mtandao hushika, akapiga.